Karatasi ya picha imepotea na insha ni ya kesho: namna ya kuiandika kwa kumbukumbu

Swali hili hurudi kila muhula, na mara nyingi huja usiku kupitia simu ya mzazi. Mtoto alipewa karatasi ya picha darasani, akaambiwa insha ni ya kesho, na sasa karatasi haipo. Imelowa ndani ya begi, au mdogo wake ameikunja akatengeneza ndege, au walikuwa wanne dawati moja na karatasi moja, na aliyeondoka nayo hajulikani.

Wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Wapo wanaobuni picha mpya kabisa, na mwalimu anapofika kwenye sentensi ya pili anajua. Wapo wanaoandika mistari mitano, wakaishia hapo. Lakini wewe uliyeitazama picha darasani, hata kwa dakika chache, unajua mengi kuliko unavyodhani. Kazi ni kuyatoa kichwani kwa utaratibu, na kuyatenga na yale ambayo kichwa kimejiongezea chenyewe.

Nitatumia picha moja niliyoigawa kwa darasa la sita, pamoja na karatasi ya mwanafunzi mmoja aliyeipoteza akaandika kwa kumbukumbu. Picha yenyewe iko hivi. Barabara ya vumbi inapita mbele ya duka. Katikati ya barabara kijana ameanguka na baiskeli, na trei za mayai zimemwagika. Kushoto mbwa anakimbia, kamba ikiburuzika nyuma yake, na msichana wa shule amenyoosha mkono kumwelekea. Kulia, kibarazani pa duka, mzee wa kanzu na kofia anainuka kutoka kwenye benchi. Muuza duka yuko ndani, anachungulia kwenye dirisha la nondo, mkono mdomoni. Nyuma kabisa kuna mwembe, na wavulana wawili wanapita chini yake na madumu ya maji.

Mwanafunzi huyo hakuwa na maelezo haya. Alikuwa na kichwa chake na penseli.

## Kabla hujaanza

Tafuta karatasi mbili zisizo na kazi, penseli, ufutio na kalamu. Karatasi ya kwanza ni ya kukumbukia, ya pili ni ya insha. Kaa mahali pasipo na televisheni. Kama unaweza kuipata nakala kwa jirani mnayesoma naye, mtume mtu akuletee, lakini fanya hatua ya 1 hadi ya 4 wakati unasubiri. Nakala isipofika, hujapoteza kitu.

Soma pia maelekezo yaliyo kwenye daftari lako. Je, mwalimu alisema "eleza unachokiona kwenye picha" au "andika kisa kutokana na picha"? Hizo ni insha mbili tofauti, na nitaeleza tofauti yake kwenye hatua ya 6.

## Hatua

1. Rudi darasani kwanza, picha baadaye. Usianze kwa kujiuliza "picha ilikuwa na nini?" Jiulize ulikuwa umekaa wapi, nani alikuwa pembeni yako, karatasi ililala upande gani wa dawati, na mwalimu alisema nini alipokuwa anazigawa. Mwenzako alicheka kwa sababu ya kitu gani kwenye picha? Huyo mwanafunzi wangu alikumbuka mbwa kwa njia hii hii: jirani yake alisema mbwa anafanana na wa kwao. Mbinu ya kurejea mahali palipotokea jambo si yangu. Wanasaikolojia wa Marekani, Fisher na Geiselman, waliiingiza miaka ya 1980 kwenye utaratibu wa polisi kuwahoji mashahidi.

*Angalizo:* usimpigie rafiki kumuuliza picha ilikuwaje kabla hujamaliza hatua ya 4. Akikwambia "si kulikuwa na pikipiki?", pikipiki itaingia kwenye picha yako, na baada ya nusu saa utaapa kwamba uliiona.

2. Chora fremu, kisha weka vitu mahali pake. Chora mstatili mkubwa kwenye karatasi ya kwanza. Ugawe kwa mistari miwili hafifu ya kulala upate mbele, katikati na nyuma, kisha kwa mistari miwili ya kusimama upate kushoto, kati na kulia. Sasa una vyumba tisa. Weka kwanza kile kitu ambacho huwezi kukisahau. Kwake kilikuwa kijana na mayai, chumba cha katikati. Kutoka hapo nenda jirani: kushoto kwake kuna nini? Kulia je?

Watu wachore kwa vijiti, duara kwa kichwa. Usipoteze muda kuremba. Mchoro huu hauonyeshwi mtu, kazi yake ni kukulazimisha uamue kila mtu alikuwa wapi. Chumba usichokikumbuka kiandikie alama ya kuuliza, ukiache. Yeye alibaki na alama mbili, moja juu kushoto na moja juu kulia. Ni kawaida, kwa sababu jicho hukaa kwenye tukio na kuziruka pembe.

3. Wape watu wote zamu, mmoja mmoja. Hapa ndipo insha nyingi zinapopatikana au kupotea, kwa hiyo usiharakishe. Kwanza hesabu watu. Kisha kwa kila mmoja jibu haya kwa maneno machache: ni nani (kwa umri na mavazi, si kwa jina), yuko chumba kipi, ameshika nini, na *anatazama wapi*.

Swali la mwisho hupuuzwa, nalo ndilo linalofungua mengine. Mwanafunzi wangu alikuwa amekumbuka watu wanne tu: kijana, msichana, mzee na muuza duka. Nilipomuuliza mzee alikuwa anatazama wapi, akasema anatazama barabarani. Msichana je? Anamtazama mbwa, si kijana. Hapo akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, kuna watu wasiotazama kabisa. Wanapita tu." Ndio wale wavulana wenye madumu. Wakapata chumba chao, juu kushoto, na alama moja ya kuuliza ikafutika.

Ukikwama, badili mahali unaposimama. Jifanye wewe ndiye muuza duka uliye ndani ya dirisha. Kutoka pale unaona mgongo wa nani? Au anza kwenye pembe ya nyuma uje mbele, kinyume na ulivyoanza mwanzo. Usirudie njia ile ile mara tatu, maana itakupa majibu yale yale.

*Angalizo la rangi:* karatasi nyingi za picha shuleni ni fotokopi, nyeusi na nyeupe. Hata hivyo kila mara nasoma insha zenye "gauni jekundu" na "baiskeli ya bluu". Kama picha haikuwa na rangi, hukuona rangi. Andika "sketi ya rangi iliyokolea" au "shati jeupe". Hilo ni kweli, tena linaonyesha kwamba ulitazama.

4. Vitendo: tenganisha hali na mwendo. Mbele ya kila mtu andika kitenzi kimoja. Hapo ndipo penye kosa linalorudiwa kuliko yote. Picha imesimamisha wakati, kwa hiyo inabidi ujue mtu alikuwa *ndani ya kitendo* au *amekwisha kukifanya na sasa yuko katika hali hiyo*.

Mtu aliye wima hatuandiki "anasimama". Tunaandika "amesimama". Vivyo hivyo ameketi, amelala, ameinama, amevaa, amebeba, ameshika. Ukiandika "mama anavaa kanga", msomaji anamwona mama akijifunga kanga muda huo huo. Lakini mbwa "anakimbia", na wavulana "wanapita", kwa sababu miguu yao iko katika mwendo.

Sasa mtazame mzee wa kanzu. Mwanafunzi aliandika "mzee ameketi", akafuta, akaandika "mzee amesimama", akafuta tena. Nikamwambia amchore. Alimchora magoti yamekunjwa, mkono mmoja ukiwa bado umeegemea benchi. Basi mzee *anainuka*. Kitenzi hicho kimoja kinamwambia msomaji kwamba ajali imetokea sasa hivi, wala hakuhitaji sentensi nyingine ya kulieleza hilo. Ukiyumba kati ya vitenzi viwili, chora mwili. Mikono na magoti vitakuamulia.

5. Mazingira, kisha uchuje. Andika mahali, wakati na vitu vilivyosimama: barabara, duka, benchi, mti. Wakati wa siku usiutaje kwa kubahatisha. Je, vivuli vilikuwepo? Msichana alikuwa na begi mgongoni? Sare na begi vinaelekeza kwenye saa za kwenda au kurudi shule, lakini havisemi ni ipi kati ya hizo mbili.

Orodha ikikamilika, pitia kila kitu ulichokiandika ukiweka alama moja kati ya tatu:

- N – niliona, nina uhakika.
- D – nadhani niliona.
- K – nimekisia kutokana na vingine.

Usiruke hatua hii. Kichwa hakipendi pengo, na kikijua mahali penyewe ni duka, kitajaza vitu vya dukani. Mwaka 1981 Brewer na Treyens waliwakalisha watu kwa muda mfupi katika ofisi ya chuo kikuu, kisha wakawaomba wataje vitu walivyoviona. Baadhi yao walitaja vitabu. Ofisi ile haikuwa na vitabu, ila ofisi ya chuo *inapaswa* kuwa navyo, basi kumbukumbu ikaviweka.

Mwanafunzi wangu naye aliandika "kreti za soda mbele ya duka". Nilimuuliza zilikuwa ngapi na zilipangwa upande gani wa mlango. Hakuwa na jibu, ingawa kwa trei za mayai alikuwa amejibu bila kusita kwamba moja imefunikia chini na nyingine imelala wazi. Hiyo ndiyo njia ya kupima: kitu ulichokiona kina mahali na mkao, kitu ulichojaziwa kina jina tu. Kreti zikapata alama ya D, na baadaye akaziacha.

Karatasi yake ya mwisho ilisomeka hivi:

- Kijana, katikati, ameanguka, mguu mmoja chini ya baiskeli – N
- Trei mbili za mayai, moja imefunikia chini – N
- Mbwa, kushoto, anakimbia, kamba shingoni – N
- Msichana wa sare, nyuma ya mbwa, amenyoosha mkono – N
- Mzee, kulia, anainuka kwenye benchi – N
- Muuza duka, dirishani, mkono mdomoni – N
- Wavulana wawili na madumu, nyuma – N
- Mti, aina yake mwembe – D
- Kreti za soda – D
- Mbwa ndiye aliyesababisha ajali – K

Tazama mstari wa mwisho. Picha haionyeshi mbwa akimgonga mtu. Inaonyesha mbwa anayekimbia na kijana aliyeanguka, basi. Uhusiano kati yao ni wa kwako. Hakuna ubaya kuukisia, na insha nzuri huukisia, ila uandike kwa lugha ya anayekisia: *huenda, yaelekea, pengine, inaonekana kwamba*.

6. Chagua wakati mmoja wa vitenzi, ushikamane nao. Kama maelekezo ni kueleza picha, tumia -na- na -me- tangu mwanzo hadi mwisho. Kama ni kisa, anza na -li- kisha ufuatishe -ka-: "Mbwa alimponyoka msichana, akakatiza barabara, kijana akakosa pa kupita, akaanguka." Mambo yaliyokuwa yakiendelea pembeni yape -ki-: "wavulana walikuwa wakipita na madumu yao." Kinachoharibu ni kuanza na "kijana ameanguka", katikati ukaingia "mzee aliinuka", mwisho ukarudi kwa "anamsaidia".

7. Panga safari ya macho, ndipo uandike. Usifuate utaratibu wa orodha yako, maana wewe ulikumbuka ovyo ovyo, na msomaji anahitaji njia. Njia mbili zinatosha. Unaweza kuanza na mahali, ukaingia kwenye tukio, ukamalizia na walio pembeni. Au unaweza kuanza katikati na kutoka nje taratibu. Aya ya kwanza ianze na N tupu, kisio lisubiri mwisho wake.

Hii ndiyo aya aliyoianza nayo:

> Mbele ya duka kuna barabara ya vumbi. Katikati ya barabara hiyo kijana ameanguka na baiskeli yake, na mguu wake mmoja umebanwa chini ya fremu. Trei mbili alizokuwa amezifunga nyuma zimeanguka naye. Moja imefunikia chini, nyingine imelala wazi, na mayai yametapakaa. Upande wa kushoto mbwa anakimbia huku kamba ikiburuzika nyuma yake. Msichana aliyevaa sare ya shule amenyoosha mkono kuielekea kamba hiyo. Huenda mbwa amemponyoka, akakatiza mbele ya baiskeli.

Hakutaja jina la kijana wala bei ya mayai, na hakuna aliyelia. Kisio limekuja mara moja, mwishoni, baada ya msomaji kupewa vitu vya kutosha kukisia mwenyewe. Aya ya pili aliwapa mzee na muuza duka. Wavulana aliwaweka mwisho, wakiendelea na safari yao kama vile hakuna kilichotokea. Mimi ningewaweka hapo hapo.

8. Soma insha ukiwa umeshika mchoro. Kila mtu aliye kwenye fremu yupo kwenye insha? Kila aliye kwenye insha yupo kwenye fremu? Angalia pia maneno ya mahali: *kushoto kwa* kijana au kushoto kwa picha? Kijana anayetutazama, kushoto kwake ni kulia kwetu. Andika "upande wa kushoto wa picha" na utaepuka mkanganyiko wote.

## Mambo yakienda kombo

Sehemu moja ya picha imepotea kabisa kichwani. Iache. Picha ina vyumba tisa, na insha haikaguliwi chumba kwa chumba. Andika zaidi kuhusu vyumba unavyovijua. Kisichofaa ni kuujaza upande huo na milima, ndege na jua linalochomoza. Hivyo vitatu ndivyo vinavyojaza pengo katika nusu ya insha ninazosahihisha.

Nakumbuka vitu vingi, lakini insha imekuwa orodha: kuna hiki, kuna kile. Hesabu ni mara ngapi umeandika "kuna" na "pia". Kila unapoweza, kifunge kitu kwa mtu anayekitumia au kukitazama. "Kuna benchi. Pia kuna mzee" inakuwa "Mzee anainuka kutoka kwenye benchi."

Nimeishiwa maneno na ukurasa haujajaa. Rudi kwenye safu ya macho, yaani nani anamtazama nani, uandike sentensi moja kwa kila mtu. Kisha sauti. Picha haina sauti, lakini mdomo ulioachama unaonekana, na kutoka hapo unaweza kusema "yaelekea anaita". Ukiandika alichoita, neno kwa neno, umeshaingia kwenye kisa. Fanya hivyo kama tu mwalimu aliomba kisa.

Zilikuwa picha nne za mfuatano, si moja. Chora fremu nne ndogo. Anza na ya mwisho, kwa sababu mwisho ndio hukumbukwa upesi, kisha uliza kwa kila fremu: ili hili litokee, lazima awali kiwe kimetokea nini? Fremu isiyokuja iache tupu, lakini iache mahali pake. Ukiziba pengo kwa kuisogeza ya nne iwe ya tatu, kisa chote kinapinda.

Rafiki amenipigia na anasema vingine. Linganisha alama. Chako kikiwa N na yeye hawezi kutaja mahali wala mkao, baki na chako. Chako kikiwa D na yeye ana mahali na mkao, chukua chake. Mkiwa wote mna uhakika na mnapingana, andika neno pana linalowafaa wote wawili: "mti mkubwa" badala ya kubishana kama ni mwembe au mkorosho.

Picha imepatikana nikiwa nimeshamaliza. Usianze upya. Kaa na mchoro na picha, rekebisha penye kosa la wazi, yaani mtu aliyesahaulika, kitendo kilichogeuka au kitu kisichokuwepo. Sentensi nyingine ziache. Mwanafunzi wangu alipoletewa nakala asubuhi alibadili sehemu moja tu: msichana hakuwa na begi.

Mwalimu atauliza. Mwambie kabla hajauliza: "Shikamoo mwalimu. Karatasi ya picha ilinipotea, nimeandika kwa kumbukumbu. Mchoro wangu huu hapa." Bana mchoro nyuma ya insha kwa pini. Mwalimu akikuta mti usiokuwepo, atajua umetoka wapi.